Lita ya Mlanguzi

Mwaka ule chumvi ilikuwa na heshima kuliko binadamu. Sukari tulishazoea kuikosa, sabuni tulishajifunza kuibembeleza, na unga wa njano ulishatupiga kofi mpaka tukauita chakula. Lakini chumvi! Nchi ina pwani ndefu kama deni la shetani, bahari imejaa chumvi mpaka inamwagika, na sisi wa Dar es Salaam tunapanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika kugombea kikombe kimoja. Ukimuuliza mtu sababu, anaangalia nyuma kwanza, kisha anakwambia, "Walanguzi." Neno hilo lilikuwa jibu la kila swali mwaka wa themanini na tatu.

Mimi nilikuwa mpishi wa kantini kwenye kiwanda kidogo cha barafu, huko nyuma ya Mchafukoge, ukielekea reli. Mume wangu Eliasi alikuwa fundi mkuu wa mitambo palepale. Wote tumetoka Masasi, na mtoto wetu wa kwanza ni Vitalis, kwa hiyo pale kiwandani mimi niliitwa Mama Vitalis na yeye Baba Vitalis, isipokuwa kwenye mikutano. Kwenye mikutano kila mtu alikuwa Ndugu, hasa wakati anapotaka kukuangamiza.

Barafu ya kiwandani haigandi kama ile ya friji ya nyumbani. Kuna tangi kubwa, ndani yake maji ya chumvi kali, na katikati yake yamelazwa mabomba yenye gesi inayopoza. Makopo marefu ya bati yanajazwa maji safi na kuzamishwa humo. Maji ya chumvi yanakuwa baridi kupita barafu yenyewe bila kuganda, yanayabana makopo kila upande, na maji safi ya ndani yanageuka gogo la barafu. Siri yote iko kwenye chumvi. Ikiwa kidogo, maji ya tangi yanaanza kuganda yenyewe kwenye mabomba, na bomba lililovaa koti la barafu halipozi kitu.

Sasa, tangi letu lilitoboka kwa kutu. Maji yote ya chumvi yakamwagwa, likazibwa, na Eliasi akaambiwa aseme inahitajika chumvi kiasi gani ya kuanzia upya. Nakumbuka alivyonieleza nyumbani, akichezea kikombe cha chai ya rangi.

"Tunataka asilimia ishirini kwa uzito," alisema. "Gesi inashuka mpaka baridi ya kumi na tano chini ya sifuri. Maji yenye asilimia ishirini hayagandi mpaka uvuke kumi na sita. Yakipungua hapo, yanaganda mapema."

"Na tangi ni kubwa kiasi gani?"

"Ukiondoa nafasi ya makopo, linaingia lita elfu kumi. Yangekuwa maji matupu, lita elfu kumi ni kilo elfu kumi. Lakini maji ya chumvi ni mazito. Lita elfu kumi zake ni kama kilo elfu kumi na moja na mia tano. Fungu la tano la hizo, ndiyo asilimia ishirini, ni kilo elfu mbili na mia tatu. Mifuko arobaini na sita."

Nikamwambia sawa, anywe chai kabla haijapoa. Mimi nilichokiona hapo kilikuwa mifuko arobaini na sita ya chumvi, na ndani kwangu sikuwa na hata punje.

Kibali kikatoka, chumvi ikaja kwa lori. Ilikuwa chumvi ya mawe, ile nene ya kwenye mashamba ya pwani, safi kabisa ya kuliwa. Lori lilipoingia getini kazi ilisimama. Watu walitoka kwenye mashine, ofisini, chooni. Mlinzi aliacha geti wazi. Watu wazima, wenye wajukuu, walisimama kuangalia mifuko ikishushwa kama wanaangalia bibi harusi akishuka garini.

Na aliyeangalia kuliko wote alikuwa Ndugu Nassibu, Mwenyekiti wa tawi letu la Chama pale kazini.

Nassibu alikuwa mtu wa mdomo. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa stoo, lakini sijawahi kumwona ameinua kitu kizito kuliko kalamu. Alikuwa na baiskeli mpya, suti ya mikono mifupi ya kijivu, na sauti ambayo ungeisikia Kariakoo pasipo spika. Kila asubuhi alikuja na baiskeli yake toka Magomeni akipiga kengele, hata kama njia ni nyeupe. Alikuwa na kipaji kimoja cha kweli: angeweza kugeuza jambo lolote duniani kuwa kosa la mtu aliyekuwa amesimama karibu.

Mkutano uliitwa mchana uleule, kwenye kantini yangu, juu ya harufu ya maharage yangu yasiyo na chumvi. Nassibu akaomba chaki. Akaandika ubaoni elfu kumi, kubwa, kisha akageuka.

"Ndugu wafanyakazi, tangi letu ni lita ngapi?"

"Elfu kumi!"

"Fundi anataka asilimia ngapi?"

"Ishirini!"

"Asilimia ishirini ya elfu kumi, hata mtoto wa darasa la tano anaijua. Ni ngapi?"

"Elfu mbili!"

"Elfu mbili gawanya kwa mfuko wa kilo hamsini. Ni mifuko arobaini." Akaiandika, akaipigia mstari mpaka chaki ikakatika. "Arobaini! Sasa naomba mnisaidie, ndugu zangu, maana mimi elimu yangu ndogo. Ile sita ya juu ni ya nani?"

Kantini ikaguna. Nilimwona mume wangu akisimama, nikatamani akae, kwa sababu Eliasi ni fundi mzuri lakini mkutanoni ni kama kuku kwenye mvua.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "asilimia ishirini ni ya uzito wa maji yakishachanganywa na chumvi. Siyo ya lita. Lita moja ya maji ya chumvi inazidi kilo moja."

Nassibu akamwangalia kwa huruma kubwa. Akaugeukia umma.

"Mmesikia? Lita inazidi lita! Ndugu, lita ni lita. Lita ya maziwa, lita ya mafuta ya taa, lita ya tembo, zote lita. Au unataka kutuambia kwamba lita ya mlanguzi ni nzito kuliko lita ya mkulima?"

Watu walicheka mpaka wengine wakapiga meza. Makofi yakafuata. Sikuwalaumu wote, maana mzaha ulikuwa mzuri na tulikuwa na njaa. Yule niliyemlaumu alikaa mbele, kwenye kiti chenye mto. Meneja wetu, Ndugu Augustino, alikuwa amesomea mitambo Bulgaria miaka mitano kwa pesa za nchi. Hesabu ile alikuwa anaijua kama jina la mama yake. Alikuwa anaangalia viatu vyake, ungedhani vimeandikwa kitu.

Maazimio yakapita kwa mikono juu. Kwanza, mifuko arobaini itiwe tangini. Pili, mifuko sita "iliyookolewa kutoka mikono ya walanguzi" igawiwe wafanyakazi kwa haki na usawa. Tatu, Fundi Eliasi asishike mtambo. Barafu ikiganda sawasawa kwa mifuko arobaini, basi imethibitika kwamba alitaka kuiba sita, na atakabidhiwa kwa vyombo vinavyohusika. Msimu ule watu walikuwa wanabebwa madukani na majumbani kwa paketi za sabuni. Kwa mifuko sita ya chumvi sikutaka hata kufikiria.

Mgawo ulifanyika jioni ileile, na haki na usawa vilionekana vizuri. Mwenyekiti alipata mfuko mzima kwa sababu ya majukumu. Meneja mfuko mzima kwa sababu ya wageni. Wajumbe wa kamati nusu nusu. Waliobaki walipimiwa bakuli bakuli, wakashukuru. Eliasi hakugawiwa kwa sababu ni mtuhumiwa. Mimi sikugawiwa kwa sababu ni mke wa mtuhumiwa. Kantini haikugawiwa kwa sababu, walisema, kila mtu sasa ana chumvi yake.

Tangi likatiwa mifuko arobaini, likajazwa maji mpaka alama ya elfu kumi, mtambo ukawashwa. Na kesho yake barafu ikatoka.

Nasema kweli, ilitoka. Nassibu alisimama juu ya kreti akashika gogo la kwanza kwa magunia, maji yakimchirizika kwenye ile suti, akahutubia. Akasema sayansi si mali ya wachache. Akasema umma ukikaa pamoja hauwezi kukosea hesabu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, na mwiko ule ulikuwa na hamu ya kuruka. Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza mtambo, si hotuba.

"Unakohoa," alininong'oneza. "Mabomba yameanza kuvaa."

Siku ya pili magogo yalitoka madogo kidogo. Siku ya tatu yalitoka na moyo wa maji. Ukiliangalia kwa nje ni gogo la barafu zuri, ukilipiga nyundo linapasuka na kukumwagia maji miguuni. Mabomba ndani ya tangi yalikuwa yameota ganda nene la barafu nyeupe, mtambo unanguruma kutwa, na baridi haitoki. Alichosema Eliasi kilikuwa kimetokea vilevile alivyosema.

Nilidhani tumepona. Mimi mjinga! Nilidhani ukweli ukitokeza hadharani watu wanausalimia.

Jumamosi mkutano mwingine ukaitwa. Nassibu alikuwa na uso wa msiba.

"Ndugu wafanyakazi," alisema, "hesabu ya umma ilikuwa sahihi. Wote mliona barafu ya kwanza. Sasa barafu imeharibika. Nani anaujua mtambo kuliko sisi wote? Nani ana kinyongo? Jibu mnalo. Huyu si mwizi tu. Ni mhujumu."

Basi hapo ndipo nilipouelewa mtego. Ikiganda, Eliasi mwizi. Isipoganda, Eliasi mhujumu. Hapakuwa na barafu duniani ambayo ingemtoa mume wangu. Wakaamua mtambo uzimwe, na Jumatatu saa nne maofisa waje kumchukua.

Meneja alibaki nyuma kunywa chai. Nilimwekea kikombe mbele yake nikakishikilia.

"Meneja, wewe umesoma. Hesabu ya mume wangu ni sawa au si sawa?"

Akaangalia mlango. "Mama Vitalis, kuna hesabu za darasani na kuna hesabu za mkutano."

"Na wewe Bulgaria ulisomea zipi?"

"Mama Vitalis, nina watoto wanne."

"Mimi ninao watatu, na baba yao anakwenda kufungwa."

Nikamwachia kikombe chake. Alikunywa mpaka mwisho na kusema asante, mtu mstaarabu sana. Nikaenda jikoni nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, na nikayaosha masufuria yaliyokuwa tayari safi.

Jumapili nilikwenda Kariakoo kumtafuta Mauza. Mauza alikuwa mteja wetu mkubwa, mwanamke wa Kiarabu, mnene, mwenye sauti ya kuvunja vyombo, anauza samaki na ananunua magogo kumi ya barafu kila siku. Nilimkuta ameketi juu ya kasha, samaki wake wamelegea mbele yake.

"Shoga yangu, msinisogelee nyie watu wa barafu!" alinipokea. "Mmeniuzia maji yaliyovaa koti! Changu wangu wote wameoza, nimewagawia paka, na paka wamenuna."

"Njoo kesho ulalamike," nikamwambia. "Saa tatu. Njoo na lile gogo lako la mwisho kama lipo, na ile mizani yako ya kuning'iniza. Wape haki yao mbele ya watu."

"Nitawapa," alisema Mauza. "Wallahi nitawapa mpaka waikimbie."

Na alikuja. Jumatatu saa tatu Mauza aliingia getini na mizani begani, nyuma yake hamali na gogo la barafu kwenye mkokoteni, limefunikwa pumba za mbao na magunia. Wafanyakazi wote walikuwa uani wakisubiri kuona mtu akikamatwa, jambo ambalo halina kiingilio. Eliasi alikaa kwenye benchi karibu na tangi, amevaa shati lake la kanisani. Alikuwa amelivaa ili akipelekwa apelekwe nadhifu.

Mauza akaitundika mizani kwenye mwamba wa winchi ya kuinulia makopo. Akalitoboa gogo, maji ya ndani yakamwagika chini, akalitundika lililobaki.

"Gogo la kilo ishirini na tano, hilo! Someni! Kumi na sita! Kilo tisa zangu ziko wapi? Nani kazinywa?"

Watu wakacheka. Nassibu akasogea haraka na kumweleza kwamba kiwanda kina mhujumu, yule pale kwenye benchi, na serikali inakuja kumchukua. Ndipo Eliasi aliposimama.

"Ndugu Mwenyekiti, kabla hawajafika, naomba kuazima hiyo mizani. Nipime debe mbili tu."

Nassibu angekataa. Lakini uwanja ulikuwa umejaa, na Nassibu hakuwahi katika maisha yake kukataa uwanja uliojaa. "Mwacheni apime!" alisema. "Mwacheni aumbuke mwenyewe kwa mikono yake."

Eliasi akatundika debe tupu, akarudisha mshale kwenye sifuri ili uzito wa debe usihesabiwe. Akalijaza maji ya bomba mpaka alama ya lita ishirini.

"Soma, Ndugu Mwenyekiti."

"Ishirini," Nassibu akasoma kwa sauti. "Lita ishirini, kilo ishirini. Lita ni lita!" Akapigiwa makofi.

Mtambo ulikuwa umezimwa tangu Jumamosi, barafu ya mabomba imeshayeyuka na pangaboi la tangini, ambalo halikuzimwa, limechanganya maji yote. Eliasi akamwaga debe, akachota maji ya tangi, akajaza mpaka alama ileile, akatundika.

"Soma tena."

Nassibu akasogea. Akarudi nyuma. Akasogea tena. Mdomo ulifunguka lakini haukutoa kitu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Ishirini na mbili na nusu, na kidogo!" Mauza akasoma kwa niaba yake. "Mimi nimepima samaki miaka kumi na tano, mshale naujua."

"Lita zilezile ishirini," alisema Eliasi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilifika mpaka getini. "Zimekuwa nzito kwa sababu ya chumvi. Lita elfu kumi ni debe mia tano. Mlitia kilo elfu mbili, kwa hiyo kila debe lina kilo nne. Asilimia ishirini ni fungu la tano. Fungu la tano la ishirini na mbili na nusu ni ngapi?"

Mlinzi wa geti akaita kutoka nyuma: "Nne na nusu."

"Na tumetia nne. Hatujafika ishirini. Hatujafika hata kumi na nane. Na ukiongeza chumvi debe linazidi uzito tena, kwa hiyo na fungu lake linazidi kidogo. Linatulia kwenye kilo ishirini na tatu. Humo chumvi ni nne na sehemu sita za kumi. Zidisha kwa debe mia tano."

Watu walihesabu kwa vidole, kwa midomo, kwa vijiti ardhini. Nilisikia ikitoka huku na huku, kwa aibu, mmoja baada ya mwingine: elfu mbili na mia tatu. Arobaini na sita. Meneja Augustino alikuwa mlangoni mwa ofisi yake. "Ndiyo," alisema kwa sauti ndogo, "ndivyo ilivyo." Shujaa wetu. Alikuwa amesubiri mpaka samaki wa Kariakoo wamsaidie kukumbuka Bulgaria.

Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Sikuwahi. Maana Nassibu alikuwa ameshavuta pumzi, na mtu wa mdomo akivuta pumzi, jihadhari.

"Ndugu wafanyakazi!" alisema. "Umma umegundua! Tangi linadai chumvi, na chumvi ile iko wapi? Imefichwa majumbani! Natoa saa moja, kila mtu arudishe alichojichukulia!"

Alichojichukulia! Yeye ndiye aliyepimia kwa mkono wake. Lakini watu walikimbia, maana maofisa walikuwa njiani na hakuna aliyetaka kukutwa na chumvi. Ikarudi kwa vifurushi, kwa vikopo vya maziwa, kwa kanga zilizofungwa fundo. Nyingine ilikuwa imeshachanganywa na pilipili. Meneja alifungua buti la gari lake, mfuko ukiwa haujaguswa hata kamba. Na kwa kuwa mizani ilikuwa bado inaning'inia pale na Mauza anasimamia kama kwake, kila kilichorudi kilipimwa.

Jumla ikawa mifuko mitano kasoro kilo chache, zile ambazo matumbo yalikuwa yameshazila. Na mfuko mmoja mzima haupo.

Hapo ndipo Land Rover ya maofisa ilipoingia. Walishuka wawili. Mkubwa wao akaangalia rundo la chumvi, mizani, mwanamke wa samaki, na umati wenye mikono myeupe.

"Mhujumu wenu yuko wapi?"

Akamwangalia Eliasi, labda kwa ajili ya shati. "Wewe nani?"

"Fundi, mzee."

"Chumvi ilikuja mifuko mingapi?"

Nilishika ukingo wa tangi. Angeweza kumtaja mtu pale pale. Mimi ningemtaja, na jina la baba yake, na rangi ya baiskeli.

"Arobaini na sita, mzee," alisema Eliasi. "Tangini kuna arobaini. Hapa kuna mitano. Mmoja bado unarudishwa."

"Na nani?"

Umati mzima ukageuza shingo. Hakuna aliyenyoosha kidole. Zilikuwa shingo tu, zote upande mmoja.

"Ninao mimi," alisema Nassibu. Suti ya kijivu ilikuwa imelowa mgongoni. "Niliuhifadhi, mzee. Kwa usalama. Naufuata sasa hivi."

Akapanda baiskeli, akatoka bila kupiga kengele. Ofisa akaomba kiti. Nikamletea chai. Tulisubiri wote, jua likipanda, na Mauza akimweleza ofisa habari za changu wake mmoja mmoja.

Nassibu alirudi kwa miguu. Nyuma yake hamali anasukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni mfuko wa chumvi wenye mhuri mwekundu wa duka la Bwana Ghanim, mfanyabiashara wa Kariakoo. Mfuko wenyewe alikuwa ameuuza siku ileile ya mgawo. Bwana Ghanim alikubali kuurudisha, ila kwa bei ya siku hiyo, na siku hiyo chumvi ilikuwa na bei ya baiskeli.

Ofisa aliuangalia mhuri kwa muda mrefu. Aliangalia miguu ya Nassibu, yenye vumbi mpaka magotini. Kisha akacheka, akapanda Land Rover, na dereva wake akapakia kilo tano za chumvi kwa ajili ya uchunguzi.

Chumvi ikatiwa tangini, maji yakapanda vidole kadhaa juu ya alama, Eliasi akawasha mtambo. Akachota debe akalitundika: ishirini na tatu, kasoro ya nywele. Kesho yake magogo yalitoka magumu, ukiyapiga nyundo yanakujibu. Mauza aliyagonga moja moja kabla ya kulipa.

Mnadhani Nassibu alifukuzwa. Alipandishwa cheo mwisho wa mwaka, kwa kuongoza zoezi la kurudisha chumvi. Ila kamati ilikaa mara moja zaidi kwa habari ya mume wangu, kwa sababu jambo kubwa kama lile haliwezi kuisha bila mkosaji. Wakampa onyo kali. Kosa lake: alikuwa na ujuzi sahihi na akashindwa kuuwasilisha kwa umma kwa lugha nyepesi, hivyo akasababisha hasara. Meneja Augustino ndiye aliyetia sahihi, kwa mwandiko mzuri sana.

Jioni ile nilitaka kwenda kuwarushia sufuria. Nilizungumza peke yangu chumba kizima, nikawapitia mmoja mmoja, na mama zao. Eliasi alikuwa amekaa mezani, onyo limekunjwa kwenye mfuko wa shati.

"Tulia, Mama Vitalis," alisema. "Ningekosea hesabu, wangenifunga. Nimepatia, wamenionya. Hiyo si haba, ndiyo faida ya mifuko sita."

Akavuta sahani ya maharage, akaonja, akainua macho.

"Chumvi je?"

Nikamwangalia. Kila mfanyakazi mwingine wa kiwanda kile alikuwa ameionja ile chumvi walau siku chache.

"Kula hivyohivyo," nikamwambia.

Akala.